KLINIKI IKIFUNGWA: KADI NNE ZA TANGAZO



Mama akishikwa na uchungu usiku, akafika klinikini na kukuta kufuli, tangazo la mlangoni halimsaidii tena. Alipaswa kulijua siku nyingi kabla, akiwa kisimani au dukani. Kwa hiyo toleo hili tunaeleza kadi nne za kuning'iniza kwa kamba, au kutuma kama picha kwenye simu.

Tuchukue mfano wa Diff. Tuseme kliniki itafungwa wiki moja kwa ukarabati. Tunaandika hivi:

Kadi ya 1: Kliniki ya Diff itafungwa Jumatatu tarehe 3 hadi Jumamosi tarehe 8 Agosti 2026.

Kadi ya 2: Itafunguliwa tena Jumatatu tarehe 10 Agosti 2026, saa mbili asubuhi.

Kadi ya 3: Unayetumia dawa za kila siku, kama za TB, njoo uchukue za kutosha kabla ya Ijumaa tarehe 31 Julai 2026.

Kadi ya 4: Kuanzia tarehe 3 hadi 9 Agosti 2026, mgonjwa mahututi au mama wa kujifungua apelekwe hospitali ya Habaswein. Gari: mwone fulani, nambari fulani.

Kadi ya 4 isiandikwe kwa kubahatisha. Kwanza pigeni simu Habaswein muulize kama watapokea wagonjwa, kisha mwelewane na mwenye gari kuhusu nauli, hasa ya usiku.

Kila kadi iwe na jina la kliniki, tarehe kamili, na alama kama "2 kati ya 4". Sababu ni kwamba kadi hutengana. Mtu atatumiwa picha moja tu, na ikisema "imefungwa wiki hii" bila tarehe, mwezi ujao bado itazunguka.

Saa ziandikwe kwa maneno. Ukiandika "8 hadi 2", karani ataelewa saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, lakini mzee ataelewa saa nane na kuja mchana, mlango unafungwa. Vilevile "usiku wa Ijumaa" kwa wengi wetu ni ule wa kuamkia Ijumaa, na kwa wengine ni Ijumaa yenyewe ikiisha. Afadhali tuseme "Alhamisi usiku".

Na kama siku ya kufungua haijulikani? Mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017 ulianza Juni ukaisha Novemba. Hapo tusibuni tarehe. Tuandike: "Siku ya kufungua haijajulikana. Tutabandika habari mpya kila Jumatatu." Kisha tutimize, hata kama habari ni ile ile.

Mwisho, mchagueni mtu mmoja wa kuondoa kadi zote tarehe 10 asubuhi na kutuma ujumbe "Imefunguliwa". Kadi iliyosahauliwa huwarudisha watu nyumbani wakati nesi yuko ndani anawangoja.