Mistari Kwanza, Rangi Baadaye

Chukua picha ya mlango wa nakshi wa Lamu. Katika GIMP, iondolee rangi, nakili safu yake, geuza nakala iwe hasi katika hali ya Dodge, kisha itie ukungu kwa Gaussian Blur. Kingo za maua zitabaki kama mistari ya penseli. Unganisha safu, ikaze mistari kwa Threshold, ufute madoa ya vivuli kwa mkono. Usiiharakishe hatua hii.

Weka mistari juu kwa hali ya Multiply. Chagua petali moja kwenye safu hiyo, panua uteuzi kwa pikseli 2 ili pasibaki uzi mweupe, kisha mwaga rangi kwenye safu ya chini. Uteuzi ukifurika mlango mzima, mstari una pengo, lizibe.