Sponji ya Vyombo na Vijidudu Vyake
Sponji ya kuoshea vyombo, sawa na dodoki, hunasa maji na mabaki ya chakula ndani ya vitundu vyake. Katika joto la jikoni, baadhi ya bakteria huongezeka maradufu kwa dakika 20 hivi. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani walikuta sehemu za sponji zilizotumika zikiwa na bakteria hadi bilioni 54 kwa sentimita moja ya ujazo, ingawa wengi wao hawana madhara. Kuichemsha hupunguza idadi, lakini wanaosalia huzaliana tena upesi. Heri kuibadilisha kila wiki, au mapema ikianza kunuka au kuteleza. Kitambaa hufuliwa kwa maji ya moto, kikaanikwa juani. Brashi ni afadhali, kwa kuwa hukauka haraka. Majimaji ya kuku mbichi yafutwe kwa karatasi ya kutupwa.