Mlemavu Mbele ya Jopo la Kazi: Aseme Nini, na Lini? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye fomu. Fomu nyingi za kazi serikalini huuliza kama mwombaji ana ulemavu, na pia nambari yake ya usajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Aliyejaza hapo amekwisha kusema kwamba ana ulemavu. Kilichobaki ni kusema anachohitaji, na hapa ndipo wengi hunyamaza.

Tuchukue mfano wa dada wa Voi aliyeitwa Mwatate kuhojiwa kwa kazi ya karani wa kumbukumbu. Sikio lake la kushoto halisikii kabisa, na la kulia husikia kiasi, kwa hiyo hujazia kwa kutazama midomo ya msemaji. Ukimwona hutajua. Akiwekwa mbele ya watu watano waliolipa dirisha mgongo, nyuso zao huwa giza na midomo haisomeki. Swali la tatu atalijibu visivyo, na jopo litaandika kwamba hajui kazi. Kwa ulemavu wa namna hii, kunyamaza kunagharimu kuliko kusema.

Basi aandike mapema, mara apatapo mwaliko, kwa barua pepe ya mistari michache: "Nasikia kwa shida. Naomba niketi jopo likiwa upande wangu wa kulia, nyuso zao zikipata mwanga, na anayeuliza awe mmoja kwa wakati." Hakuna haja ya kueleza ugonjwa ulioleta uziwi, wala dawa, wala mwaka. Jopo linahitaji kujua namna ya kupanga viti, si historia ya hospitali.

Ndani ya chumba, akiulizwa atapokeaje simu, ajibu kwa kazi yenyewe: maombi ya mafaili yaje kwa maandishi, na meza yake ielekee mlango. Akiulizwa tatizo lilianzaje, anaweza kusema kwa upole, "Hilo halizuii kazi hii; naomba nieleze nitakavyoifanya."

Mambo makubwa zaidi, kama kifaa maalumu au ruhusa ya kwenda kliniki, mimi ningeyaacha hadi barua ya kazi itoke, ila yakigusa jukumu kuu la kazi. Akificha asichoweza kabisa kufanya, atakutana nacho mwezi wa kwanza.

Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamlinda hata anayeomba kazi tu, na shauri likifika mahakamani, mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Lakini kwanza lazima ijulikane kwamba aliarifiwa. Kwa hiyo, msomaji wangu, usiombe viti kwa mdomo mlangoni. Andika, na nakala uiweke.