Nodi Mbili, Nishati Moja

Atomi ya haidrojeni ina protoni moja na elektroni moja tu. Kwa sababu hiyo hesabu yake inakamilika kwa kalamu na karatasi, na Erwin Schrödinger aliichapisha mwaka 1926. Katika hesabu hiyo elektroni ni wimbi lililotanda kukizunguka kiini, na kila umbo ambalo wimbi hilo linaweza kulichukua huitwa obitali.

Uzi wa gitaa unapotetemeka, huwa kuna sehemu zinazopanda na kushuka, na katikati yake vituo visivyocheza kabisa. Wimbi la elektroni nalo lina mahali linapogeuka kutoka chanya kwenda hasi, na hapo thamani yake ni sifuri. Mahali hapo huitwa nodi. Kwa kuwa atomi ina pande zote tatu, nodi yake si nukta bali ni uso, na kwenye uso huo uwezekano wa kuikuta elektroni ni sifuri.

Nodi hizi ni za aina mbili. Nodi ya umbali ni tufe linalokizunguka kiini. Nodi ya pembe ni uso bapa, au wakati mwingine koni, unaopita kwenye kiini chenyewe. Kuzihesabu kunahitaji namba mbili tu: namba kuu ya kwanta, n, na namba ya pembe, l, ambayo ni 0 kwa obitali za s, 1 kwa p na 2 kwa d. Nodi za pembe ni l. Nodi za umbali ni n − l − 1. Ukizijumlisha, l inajifuta na kubaki n − 1.

Tuchukue n = 3. Katika 3s, sehemu ya wimbi inayotegemea umbali ina kipengele 27 − 18x + 2x², ambapo x ni umbali kutoka kwenye kiini ukipimwa kwa radi ya Bohr, yaani nanomita 0.0529. Kipengele hicho kinakuwa sifuri x ikiwa 1.90 na ikiwa 7.10. Hayo ni matufe mawili, na nodi ya pembe hakuna. Katika 3p kipengele ni x(6 − x): tufe moja kwenye x = 6, pamoja na uso bapa mmoja. Katika 3d hakuna tufe hata moja, ila kuna nodi mbili za pembe. Kila mara jumla ni mbili.

Hapo kwenye 3p ndipo wanafunzi wengi hukosea. Wanaona x = 0 nayo inaleta sifuri, wakaihesabu kuwa nodi ya umbali. Lakini kiini kiko juu ya ule uso bapa uliokwisha kuhesabiwa. Jumla ikizidi n − 1, ujue umehesabu kitu mara mbili.

Sasa tuje kwenye nishati. Kwa haidrojeni, nishati ni −13.6/n² elektronivolti, na l haimo kabisa. Hivyo 3s, 3p na 3d zote ziko kwenye −1.51. Hili linashangaza, kwani wastani wa umbali wa elektroni ya 3s ni radi za Bohr 13.5, ilhali wa 3d ni 10.5. Ungedhani ya 3d, iliyo karibu zaidi kwa wastani, ndiyo inayovutwa zaidi. Ila 3s ina sehemu yake ndogo iliyo ndani ya tufe la kwanza, karibu kabisa na kiini, ambako mvuto ni mkali mno. Sehemu hiyo inafidia barabara ule umbali wa sehemu iliyobaki.

Fidia hiyo hutimia tu pale mvuto unapotoka kwa chaji moja iliyo katikati. Sodiamu ina elektroni 11, na kumi za ndani hukikinga kiini. Elektroni ya nje ikiwa kwenye 3s hupenya kinga hiyo na kushuka hadi −5.14. Kwenye 3p hupenya kidogo, ikawa −3.04. Kwenye 3d haipenyi karibu kabisa, na nishati yake ni −1.52, karibu sawa na ya haidrojeni. Pengo kati ya 3p na 3s ndilo linalotoa mwanga wa manjano chumvi inapotiwa motoni.

Kwa hiyo ule mpangilio wa 3s kuwa chini, kisha 3p, kisha 3d, ni wa atomi zenye elektroni nyingi. Usiupeleke kwenye haidrojeni. Huko tofauti zipo, lakini ni ndogo mno: ile ambayo Willis Lamb na Robert Retherford waliipima mwaka 1947 kati ya hali mbili za n = 2, moja ya 2s na moja ya 2p, ni takriban elektronivolti 4.4 kwa milioni moja, na hesabu ya Schrödinger haiwezi kuionyesha.