Chungu ndani ya chungu: kwa nini mboga hupoa vizuri Januari kuliko Aprili

Jioni ikifika katika soko la Muthurwa, sukuma wiki na terere zilizonyauka huuzwa kwa bei ya hasara au humwagwa. Muuzaji asiye na friji anaweza kuzifikisha hadi kesho yake kwa vyungu viwili vya udongo.

Tafuta vyungu visivyopakwa rangi, kimoja kiingie ndani ya kingine na nafasi ya vidole viwili au vitatu ibaki kati yake. Jaza nafasi hiyo mchanga, mwagia maji hadi ulowe, weka mboga ndani, kisha funika kwa kitambaa kilicholowa.

Baridi inatoka wapi? Maji hupenya udongo, hufika nje na kugeuka mvuke. Lita moja ikigeuka mvuke hubeba takriban kilojuli 2,400 za joto, na joto hilo hutolewa kwenye chungu na vilivyomo. Kupoza kilo 10 za mboga kutoka nyuzi 27 hadi 20 ni kuondoa kilojuli 280 hivi, kazi ya nusu kikombe cha maji tu. Mbona basi chungu hunywa maji kutwa? Ni kwa sababu kikishapoa, hewa ya nje hukirudishia joto, na mboga nazo zinapopumua hutoa joto lao. Chungu huacha kupoa pale joto linaloingia linapolingana na lile linalobebwa na mvuke.

Ukavu wa hewa ndio unaoamua usawa huo utapatikana wapi. Tuseme ni saa nane mchana mwezi wa Januari, joto ni nyuzi 27 na unyevu wa hewa asilimia 40. Hewa hiyo ina kiu, na maji yanaweza kupoza kitu hadi karibu nyuzi 18. Chungu hakifiki hapo kabisa, lakini 20 au 21 ni jambo la kawaida. Mvua za Aprili zikija, joto likiwa nyuzi 24 na unyevu asilimia 80, kikomo ni nyuzi 21. Hapo umepata nyuzi tatu tu, pengine mbili.

Kwa hiyo kiweke kivulini, juu ya mawe, mahali upepo unapita. Ndani ya kibanda kilichofungwa, mvuke hurundikana na kazi husimama hata wakati wa kiangazi. Gusa ubavu wake: ukiwa mkavu, ongeza maji, ukiwa umelowa lakini hauna baridi, hewa ndiyo imejaa unyevu au haitembei. Ukiona ukungu mweupe wa chumvi, sugua kwa brashi, kwani huziba vitundu vya udongo.

Majani, dania na nyanya hufaidika, pia kwa sababu hewa ya ndani ina unyevu na hayanyauki upesi. Vitunguu viache nje, huko ndani vitaoza. Nyama na maziwa pia visiwekwe humo: nyuzi 20 bado ni joto la kuviharibu.