Kumwomba Kamishna wa Ushuru Muda wa Ritani

Wakenya wengi wanaijua tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya mapato ya mwaka uliotangulia. Lakini kwa mtu anayeona mapema kwamba hatakuwa tayari siku hiyo, tarehe ya kuangalia ni ya mwisho wa Mei. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 kinamruhusu mlipaushuru kumwandikia Kamishna akiomba muda zaidi, ila kwa ritani ya mwaka ombi lifike angalau mwezi mmoja kabla ya siku ya mwisho. Kwa ritani za kila mwezi, kama ile ya ushuru wa ongezeko la thamani, ni siku 15 kabla.

Sharti hilo pekee linaonyesha ni shida za aina gani ambazo ombi hili linafaa. Mtandao wa iTax ukilemewa usiku wa Juni 29, kifungu hiki hakikusaidii tena. Kimewekwa kwa ajili ya mtu ambaye kikwazo chake kimeshatokea, anakijua, na anaweza kukieleza.

Tuchukue mfano wa daktari wa mifugo anayejitegemea mjini Nyahururu, anayetibu ng'ombe wa wanachama wa vyama vitatu vya ushirika wa maziwa. Usiku wa Mei 8, 2025, wezi wanavunja ofisi yake na kuiba kompyuta. Hesabu za Januari hadi Agosti 2024 alikuwa amekwisha kumpelekea mhasibu. Za Septemba hadi Desemba zilikuwa ndani ya kompyuta ile, na hazikuwa na nakala kwingine.

Kishawishi chake cha kwanza ni kuandika kwamba hesabu zote zimepotea. Asifanye hivyo. Si kweli, na afisa anayesoma barua atataka kujua ushuru wa awamu aliolipa mwaka mzima aliukadiria kwa kutumia nini. Sababu ya kweli ni ndogo kuliko hiyo, lakini ina nguvu zaidi kwa kuwa inaweza kuchunguzwa: miezi minne haina kumbukumbu, wizi uliandikishwa polisi na una nambari ya OB, na vyama vile vitatu vina nakala za ankara alizowapelekea. Sababu nzuri humwonyesha afisa tukio lilitokea lini, limezuia nini hasa, na kizuizi kitaondoka lini. "Nimekuwa na shughuli nyingi" haimwonyeshi hata kimoja.

Inayofuata ni tarehe, na hapa ndipo barua nyingi hulegea. Mtu huomba "muda wa kutosha" au "miezi miwili hivi", kana kwamba ni kazi ya Kamishna kumpangia ratiba. Daktari wetu anaanza na kazi yenyewe. Taarifa za benki na za M-Pesa anaweza kuzipata ndani ya siku chache. Vyama vya ushirika vimemwahidi nakala za ankara kufikia Juni 27. Mhasibu anahitaji wiki tatu tangu apokee karatasi ya mwisho, kwa sababu kila malipo ya miezi hiyo lazima yalinganishwe na ankara yake, na risiti za dawa ziombwe upya kwa wauzaji. Wiki tatu kutoka Juni 27 zinafika Julai 18. Anaongeza siku nne za tahadhari na kuomba Julai 22. Angeomba mwisho wa Agosti, afisa angeuliza Agosti ni ya nini. Angeomba Julai 7 ili aonekane mwepesi, angejikuta anaomba tena.

Barua yake, akiiandika Mei 16, inaweza kusomeka hivi:

Kwa Kamishna wa Ushuru.

KUH: OMBI LA MUDA ZAIDI WA KUWASILISHA RITANI YA MAPATO YA MWAKA 2024, NAMBARI YA PIN (iandikwe hapa)

Naomba, chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru, niongezewe muda wa kuwasilisha ritani iliyotajwa hapo juu kutoka Juni 30, 2025 hadi Julai 22, 2025.

Usiku wa Mei 8, 2025, ofisi yangu ilivunjwa na kompyuta yenye hesabu za Septemba hadi Desemba 2024 ikaibwa. Hesabu za Januari hadi Agosti ziko salama kwa mhasibu wangu. Miezi minne iliyopotea inaandaliwa upya kutokana na taarifa za benki na za M-Pesa, pamoja na nakala za ankara ambazo wateja wangu wameahidi kuzitoa kufikia Juni 27. Mhasibu anahitaji wiki tatu kuanzia hapo.

Ushuru wa awamu zote nne pamoja na salio nililolikadiria umelipwa kufikia Aprili 30, 2025. Tofauti yoyote itakayoonekana nitailipa pamoja na nyongeza zake za kisheria.

Nimeambatisha dondoo ya OB, barua ya mhasibu na stakabadhi za malipo.

Haya ya mwisho kuhusu malipo hayamo kwa ajili ya adabu. Kuongezewa muda wa ritani hakusogezi tarehe ya kulipa ushuru, na wengi huumia hapa. Kwa mtu wa kawaida ambaye mwaka wake wa mapato unaishia Desemba, salio la ushuru hulipwa kufikia Aprili 30, miezi miwili kabla ya ritani yenyewe. Daktari alikadiria kwamba, baada ya kuondoa ushuru uliokatwa na wateja, anadaiwa shilingi 240,000. Alilipa awamu nne za shilingi 50,000, kisha 40,000 mwezi wa Aprili. Hesabu kamili ikitoa shilingi 265,000, pengo ni 25,000. Juu yake kuna adhabu ya asilimia 5, yaani shilingi 1,250, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, yaani shilingi 250 kila mwezi. Ruhusa ya Kamishna haifuti hizo. Inachomwepushia ni adhabu ya kuchelewesha ritani, ambayo kwa mtu binafsi ni asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa au shilingi 2,000, kiasi kilicho kikubwa zaidi.

Kwa hiyo mtu ambaye hesabu zake ziko tayari lakini pesa hana, asiandike barua hii. Awasilishe ritani kwa wakati, kisha aombe muda wa kulipa, ambao una kifungu chake, cha 33. Kuficha upungufu wa pesa nyuma ya hesabu "ambazo hazijakamilika" ni uongo usiomletea nafuu yoyote, kwa maana riba inaendelea kuhesabiwa vilevile.

Barua ipelekwe kwa njia itakayobaki na ushahidi: nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, au baruapepe iliyojibiwa. Wiki ya mwisho ya Juni isimkute bila jibu lililoandikwa. Aende ofisini na nakala yake aulize. Ombi likikataliwa, tarehe yake inabaki Juni 30.

Na aliyevunjiwa ofisi Juni 10, dirisha likiwa limeshafungwa? Awasilishe ritani kufikia Juni 30 kwa kumbukumbu alizo nazo, bila kubuni tarakimu, na aweke maandishi ya jinsi alivyokadiria yaliyokosekana. Akishapata nakala za ankara, sheria inampa nafasi ya kuomba kuirekebisha ritani hiyo ndani ya miaka 5.