Pesa za Ramadhani, njaa ya mfungo mosi

Kwa fundi cherehani wa Mombasa, Ramadhani ni mwezi wa kushona hadi usiku wa manane. Kanzu na magauni ya Idi yanarundikana, simu haiachi kulia kwa ujumbe wa M-Pesa. Sikukuu ikipita, cherehani inanyamaza. Chukua mfano wa fundi anayeingiza shilingi 260,000 mwezi ule na 60,000 tu katika mwezi mbaya kuliko yote, na kwa mwaka mzima jumla yake ni 1,340,000.

Zile 260,000 si zake zote. Vitambaa na uzi vinakula kama asilimia 40. Halafu kuna kodi ya mauzo, ambayo nchini Kenya ni asilimia 3 tangu Julai 2023 kwa biashara inayouza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Inatozwa kwenye mauzo, si kwenye faida, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hapo ndipo wengi wanapoteleza: kodi ya mwezi wa neema, shilingi 7,800, inadaiwa mwezi ambao wateja wameshapungua. Dawa yake ni kutoa shilingi 3 katika kila 100 siku ileile pesa zinapoingia, na kuziweka mbali na pochi ya matumizi.

Ukitoa vitambaa na kodi, fundi huyu anabaki na wastani wa shilingi 63,650 kwa mwezi. Kodi ya chumba, kibanda, chakula na karo iliyogawanywa kwa miezi 12 vinamgharimu 48,000. Basi ajilipe 48,000 kila mwezi, Ramadhani ikiwemo. Mwezi ule utamwachia akiba ya 100,200. Mwezi mbaya utampa 34,200, naye atachota 13,800 iliyopungua kutoka kwenye akiba hiyo.

Akiba ya miezi mitatu kwake ni 144,000, kwa maana hupimwa kwa matumizi, si kwa mauzo. Kwa hesabu hii ataifikisha ndani ya mwaka, iwapo hakuna ugonjwa wala cherehani kuharibika. Mahali pake pawe pagumu kidogo kufikika, mathalani akaunti ya kufunga ya M-Shwari. Chama ni kizuri, lakini zamu yake haisubiri mwezi wa shida.

Akianza wakati mbaya, sema mara tu baada ya Idi, asijilipe 48,000 ambazo hazipo. Apunguze kwanza hadi pale kipato kinapofika, na mshahara kamili ungoje msimu.

Dalili ya mambo kuharibika huonekana kwenye kabati la vitambaa. Arbuni ya mteja wa leo inaponunua kitambaa cha mteja wa wiki iliyopita, fundi ameshaanza kula pesa za kazi ambayo bado hajaishona. Kila arbuni inastahili kuandikwa daftarini kwa jina la mteja, na isiguswe mpaka kitambaa chake kimenunuliwa.